Kila kundi linasema hivi, jumla inasema vile: uandike nini kwenye ripoti?

*"Shikamoo mwalimu. Naandaa ripoti inayolinganisha njia mbili za kutoa huduma. Nikichukua jumla, njia mpya imefaulu zaidi. Nikigawa kesi nyepesi na kesi nzito, njia ya zamani inaongoza pande zote mbili. Mkuu wangu anasema lazima kuna mahali nimekosea hesabu. Nimweleze vipi kwa mfano rahisi ndani ya ripoti, na mwishowe niandike namba ipi?"*

Marahaba. Inawezekana kabisa kwamba hesabu zako ziko sawa, lakini zihakiki mara moja kabla hujarudi kwa mkuu wako. Kwa kila njia, jumlisha kesi nyepesi na nzito uone kama unapata idadi ileile iliyo kwenye jumla, kisha fanya hivyo kwa waliofaulu. Mara nyingi kuna kesi chache ambazo hazikuandikiwa kundi, zikahesabiwa kwenye jumla na kuachwa kwenye mgawanyo. Hizo peke yake zinaweza kuyumbisha matokeo. Hesabu zikifunga, basi umekutana na kile ambacho wanatakwimu hukiita kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyekiandikia makala mwaka 1951, ingawa Udny Yule alikuwa amekwisha kukionyesha mwaka 1903.

Jina hilo usilitangulize kwenye ripoti. Miaka ya nyuma niliandika ripoti ya aina hii na sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na neno "kitendawili". Kikao kizima kikaishia kujadili kama takwimu zinaweza kuaminiwa hata kidogo, na suala lenyewe halikufikiwa. Msomaji akiambiwa kuna kitendawili, anajiandaa kutoelewa. Kinachomsaidia ni kuona ni kesi ngapi za aina gani zilikwenda wapi, kabla hajaiona asilimia yoyote.

Mfano ninaokushauri utumie ni wa kweli, tena mdogo. Mwaka 1986 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa madaktari wa Uingereza kuhusu matibabu ya mawe kwenye figo. Chukua njia mbili tu kati ya walizolinganisha. Ya kwanza ni upasuaji wa kufungua, ambapo daktari anapasua hadi kulifikia jiwe. Ya pili ni ya kutoboa tundu dogo mgongoni na kulitoa jiwe kwa kifaa chembamba. Nitaziita "kufungua" na "tundu". Kila njia ilikuwa na wagonjwa 350. Mgonjwa alihesabiwa amefaulu ikiwa baada ya miezi 3 hakuwa na jiwe, au yalibaki machembe yasiyofikia milimita 2.

Kwa jumla, kufungua kulifaulu kwa wagonjwa 273 kati ya 350, yaani asilimia 78. Tundu lilifaulu kwa 289 kati ya 350, yaani asilimia 83. Mtu akiishia hapo atasema tundu ni bora. Sasa gawa wagonjwa haohao kwa ukubwa wa jiwe, chini ya sentimita 2 na kuanzia sentimita 2 kwenda juu:

| | Kufungua | Tundu |
|---|---|---|
| Jiwe dogo | 81 kati ya 87 (93%) | 234 kati ya 270 (87%) |
| Jiwe kubwa | 192 kati ya 263 (73%) | 55 kati ya 80 (69%) |
| Wote | 273 kati ya 350 (78%) | 289 kati ya 350 (83%) |

Kwa jiwe dogo kufungua kunaongoza, na kwa jiwe kubwa kunaongoza vilevile. Kwenye mstari wa mwisho kumeshindwa. Jumlisha safu yoyote utaona hakuna mgonjwa aliyeongezwa wala aliyepotea: 81 na 192 ni 273, na 87 na 263 ni 350.

Watu wengi hapa hukimbilia kulinganisha asilimia na asilimia, na ndipo wanapochanganyikiwa. Mwombe msomaji wako aangalie kwanza namba zinazofuata neno "kati ya", yaani 87, 263, 270 na 80. Waliofunguliwa, robo tatu walikuwa na mawe makubwa. Waliotobolewa tundu, zaidi ya robo tatu walikuwa na mawe madogo. Na mawe makubwa ni magumu kuyatoa kwa njia yoyote ile. Kwa hiyo kufungua kulipewa kazi ngumu na tundu likapewa kazi nyepesi, kisha tukazilinganisha kana kwamba zimepewa kazi moja.

Kama mkuu wako anapenda kuona kwa macho, mchoree mistari miwili. Mstari wa kufungua uanze 73 upande wa kushoto, ambako ni mawe makubwa, na uishie 93 upande wa kulia, ambako ni mawe madogo. Wastani wa jumla lazima uangukie mahali fulani kati ya ncha hizo mbili, na mahali hapo panaamuliwa na idadi ya wagonjwa waliosimama kila upande. Kwa kuwa robo tu ndio wa mawe madogo, wastani unasogea robo ya safari kutoka 73. Safari nzima ni pointi 20, robo yake ni 5, unafika 78. Mstari wa tundu unaanza 69 na kuishia 87, yaani ncha zake zote mbili ziko chini kidogo ya zile za kufungua. Ila wagonjwa wake wamejazana upande wa kulia, zaidi ya robo tatu, kwa hiyo wastani wake unasogea zaidi ya robo tatu ya safari na kufika karibu 83. Mstari ulio chini umetoa wastani ulio juu, kwa sababu tu watu wake wamesimama upande wa juu wa mstari. Nimeutumia mchoro huu mara nyingi kuliko jedwali, maana mtu akishaona nukta inateleza kwenye mstari haulizi tena kama hesabu zimekosewa.

Kutokana na mchoro huo unaona pia lini jambo hili haliwezi kutokea. Kama kila njia ingepewa mchanganyiko uleule, tuseme nusu kwa nusu, nukta zote mbili zingekaa katikati ya mistari yao na mstari wa juu ungetoa wastani wa juu daima. Kwa hiyo katika ripoti yako tafuta mambo mawili kwa pamoja: je, kesi nzito zimerundikana upande mmoja, na je, uzito wa kesi unabadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa? Likikosekana moja, jumla haiwezi kugeuka, na kama imegeuka basi kweli kuna kosa la hesabu na mkuu wako ana haki.

Sasa kuhusu namba ya kuandika. Wakubwa wengi wanataka namba moja kwa kila njia, na ni ombi la haki; huwezi kumwachia mtu asilimia nne akajitafutie. Dawa yake ni kuzipa njia zote mbili mchanganyiko mmoja wa kesi. Katika mfano wetu, wagonjwa wote ni 700: wa mawe madogo ni 357 na wa mawe makubwa ni 343. Jiulize: wote 700 wangefunguliwa, kwa viwango hivi vya kufaulu, wangefaulu wangapi? Chukua asilimia 93 ya 357 na asilimia 73 ya 343, jumlisha, gawa kwa 700. Unapata asilimia 83. Fanya hivyo kwa tundu, asilimia 87 ya 357 na asilimia 69 ya 343, unapata asilimia 78. Angalia kilichotokea: mwanzo ilikuwa 78 kwa 83, na sasa ni 83 kwa 78. Namba zimebadilishana viti. Si lazima itokee hivyo kila mara, lakini ndiyo sababu naupenda mfano huu kuliko mingine. Msomaji anaona waziwazi kwamba pengo lote la mwanzo lilikuwa la mchanganyiko wa wagonjwa.

Ukiwa unafanya kazi kwenye jedwali la kompyuta, weka viwango vya njia moja kwenye seli B2 na B3, na idadi ya kesi za njia zote mbili kwa kila kundi kwenye C2 na C3, kisha andika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(C2:C3)
```

Safu ya C ibaki ileile unapohesabu njia ya pili. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mtu kuweka kwenye C idadi ya kesi za njia husika peke yake. Fomula inamrudishia asilimia ileile ya jumla aliyoanza nayo, naye anadhani marekebisho hayana athari.

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo ripoti nyingi zinapoharibika hata baada ya mwandishi kukielewa kitendawili vizuri. Watu wakishajifunza kugawa makundi, huanza kuamini kwamba namba za makundi ndizo za kweli na ya jumla ni ya uongo. Si hivyo. Tumeamini mgawanyo wa ukubwa wa jiwe kwa sababu jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla daktari hajachagua njia, na ukubwa huo ulichangia katika uchaguzi. Ulikuwa chanzo cha njia na chanzo cha matokeo kwa wakati mmoja. Kitu cha namna hiyo ni lazima ukitenganishe.

Tuseme mtu mwingine anakuja na wazo la kugawa wagonjwa hao kwa siku walizolala hospitalini baada ya matibabu, waliokaa muda mfupi upande huu na waliokaa muda mrefu upande ule. Siku za kulala zinatokana na njia yenyewe pamoja na jinsi mgonjwa alivyoendelea. Ukigawa kwa kitu kilichozaliwa baada ya matibabu, unaweza kufuta sehemu ya kazi ambayo matibabu yamefanya, au hata kuzusha tofauti ambayo haipo. Jedwali lake litafanana kabisa na letu. Hesabu zitakuwa safi na jumla inaweza kugeuka vilevile, lakini safari hii mgawanyo ndio utakaokudanganya. Hakuna fomula itakayokuambia ni lipi kati ya haya mawili umekutana nalo. Itabidi ujue kazi ilivyofanyika: nani aliamua kesi iende wapi, na wakati anaamua alikuwa anajua nini.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: "uzito" wa kesi kwenye ripoti yako uliandikwa lini? Kama uliandikwa kesi ilipopokelewa, kabla haijapangiwa njia, gawa bila wasiwasi. Kama mhudumu aliujaza mwishoni, huenda kesi zilizomsumbua ndizo alizoziita nzito, na hapo "nzito" imebeba ndani yake matokeo ya njia. Uliza watu waliojaza fomu. Swali hilo moja linaweza kuokoa ripoti nzima.

Kuna hali ya tatu, ambapo jumla na makundi vyote vina la kusema ila vinajibu maswali tofauti. Mfano unaojulikana sana ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa masomo ya uzamili mwaka 1973, wanaume walioomba walikubaliwa kwa asilimia 44 na wanawake kwa asilimia 35. Watafiti walipochambua idara kwa idara pengo hilo halikuonekana kwa sehemu kubwa, na tofauti ndogo iliyobaki ilikuwa kwa faida ya wanawake. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo zinakataa waombaji wengi, wawe wanaume au wanawake. Anayeuliza kama kamati za idara ziliwabagua waombaji anahitaji namba za idara. Anayeuliza kwa nini wanawake wachache zaidi kwa uwiano wanafika mwisho wa safari anahitaji pia namba ya jumla, kisha achunguze ni nini kinawapeleka kwenye idara zile. Ripoti inayochagua namba moja bila kutaja swali inalolijibu inampotosha msomaji, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Turudi kwenye mawe, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo mfano wenyewe hauyaoneshi, nawe inakupasa uyaseme kwenye ripoti yako.

La kwanza ni bahati. Kwenye mawe makubwa tofauti ni asilimia 73 kwa 69, na upande wa tundu kuna wagonjwa 80 tu. Ukipiga hesabu ya kawaida ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95, tofauti halisi inaweza kuwa popote kati ya pointi kama 7 kwa faida ya tundu na pointi kama 16 kwa faida ya kufungua. Kwenye mawe madogo masafa hayo nayo yanagusa sifuri kwa mbali, na hata pengo la jumla lenyewe liko ndani ya kile ambacho bahati inaweza kuleta. Mfano huu basi unafundisha vizuri jinsi jumla inavyogeuka, lakini usiutumie kusema njia gani ya kutoa mawe ni bora. Nawe kila unapogawa makundi unapunguza idadi katika kila seli. Ukiona kundi lenye kesi 10 au 15 ndilo lililogeuza matokeo, sema wazi kwamba ni dogo mno kutegemewa.

La pili ni mambo yaliyojificha nyuma ya mgawanyo ulioufanya. Katika utafiti ule, waliofunguliwa walitibiwa kati ya 1972 na 1980, na wa tundu kati ya 1980 na 1985. Kwa hiyo makundi hayatofautiani kwa ukubwa wa jiwe tu, yanatofautiana hata kwa miaka, pamoja na vyote vilivyoweza kubadilika hospitalini katika miaka hiyo. Kugawa kwa ukubwa hakuligusi hilo. Inawezekana kabisa kugawa mara moja na jumla ikageuka, ukaongeza kitu cha pili ikageuka tena. Njia yako mpya bila shaka ilianza baadaye kuliko ya zamani, kwa hiyo angalia tarehe za kesi. Ikiwa kuna kipindi ambacho njia zote mbili zilitumika pamoja, linganisha kesi za kipindi hicho peke yake kwanza uone kama hadithi inabaki ileile.

Kwenye ripoti yenyewe, mimi ningeweka idadi za kesi kwanza, kisha asilimia za makundi, kisha namba moja iliyosawazishwa kwa kila njia. Jumla ghafi isifichwe, kwa sababu mkuu wako ameshaiona na ataitafuta. Tena ni kweli kwamba kwa kesi zilizokuja ndivyo matokeo yalivyokuwa. Aya inaweza kusomeka hivi, ukijaza namba zako:

> Kwa jumla, njia mpya ilifaulu katika asilimia … ya kesi na njia ya zamani katika asilimia … . Hata hivyo njia ya zamani ilipokea kesi nzito … kati ya …, wakati njia mpya ilipokea … kati ya … . Uzito wa kesi uliandikwa wakati wa kupokea, kabla ya kupangiwa njia. Tukilinganisha kesi zenye uzito sawa, njia ya zamani ilifaulu zaidi kwa kesi nyepesi (… dhidi ya …) na kwa kesi nzito (… dhidi ya …). Endapo njia zote mbili zingepokea mchanganyiko mmoja wa kesi, makadirio ni asilimia … kwa njia ya zamani na … kwa njia mpya. Tofauti nyingine kati ya makundi, hasa kipindi cha huduma, hazijaondolewa katika hesabu hii.

Sentensi ya uzito kuandikwa wakati wa kupokea usiiweke kama hujaithibitisha. Ukigundua kwamba fomu zilijazwa mwishoni, aya hii yote haifai; rudi kwenye jumla, eleza kwamba uzito wa kesi haukupimwa mapema, na pendekeza upimwe mapokezi kuanzia sasa. Mfano wa mawe uweke ndani ya kisanduku pembeni ya aya, pamoja na ule mchoro wa mistari miwili, na maelezo yake yasizidi nusu ukurasa. Mkuu wako akishapita kwenye kisanduku hicho, mwombe asome tena sentensi yako ya pili, ile ya nani alipokea kesi nzito ngapi, kabla hajarudi kwenye asilimia.